Usicheke Unapodai: mshangao, emoji na utani katika barua pepe ya kazi

Tuseme wewe ndiye unayeshika hesabu za karakana ndogo ya kuchapa fulana pale Kariakoo. Mwezi Machi mlichapa fulana 350 za mahafali ya kidato cha sita kwa shule moja ya binafsi ya Morogoro, kila moja sh. 11,000. Mzigo ulipokelewa tarehe 18 Machi, hati ya kupokelea ikasainiwa, na makubaliano yalikuwa malipo ndani ya siku 30. Leo ni tarehe 12 Mei na sh. 3,850,000 hazijaingia. Mhasibu wa shule ni dada mcheshi, mmezoeana kwenye simu, na hutaki kumuudhi kwa sababu kidato cha nne nao wana mahafali yao baadaye mwaka huu. Basi unaandika hivi:

> Mada: MALIPO!!!
>
> Habari dada 😊 Natumaini u mzima wa afya! Nakukumbusha tena kuhusu ule mzigo wetu! Naona mmetusahau hahaha 🙈 Tafadhali tusaidieni jamani, hata sisi tuna watoto wanasubiri ugali 😂🙏🙏

Barua hii ina uchangamfu wote unaoweza kuutaka, na inaweza kukaa wiki tatu bila kujibiwa. Itazame tena. Hakuna kiasi, hakuna tarehe, hakuna namba ya ankara. Kila mahali palipohitaji taarifa pamewekwa sura ya mtu anayecheka. Mada inapiga kelele, halafu mwili wa barua unachekacheka, na msomaji hajui amwamini yupi kati ya hao wawili. Kicheko kinamwambia kuwa mdai mwenyewe halichukulii deni lake kwa uzito. Na ule ugali wa watoto ndio umeharibu kabisa: deni halali lenye karatasi limegeuka ombi la msaada, na msaada hutolewa mtu akijisikia.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa barua hii amelisahau. Yule dada haidhinishi malipo peke yake. Ataisambaza barua kwa mkuu wa shule au kwa meneja, au ataichapa na kuibana nyuma ya hati ya malipo, na humo itakutwa na mkaguzi wa hesabu mwakani. Watu hao hawajawahi kusikia sauti yako. Hawajui kwamba wewe na mhasibu mna mazoea ya kutaniana. Wanachoona ni kampuni inayodai fedha kwa vikatuni.

Alama ya mshangao, emoji na utani vyote vitatu ni vitu vya sauti na uso. Vinasaidia pale ambapo maneno yameshakamilika na kinachokosekana ni uso tu. Vinadhoofisha pale vinapokaa kwenye kiti cha neno, tarakimu au tarehe iliyotakiwa kuwapo. Barua ileile, ikiandikwa na mtu anayejua tofauti hiyo, ingekuwa hivi:

> Mada: Ankara ya fulana 350, sh. 3,850,000, ilipaswa kulipwa 17 Aprili
>
> Habari za kazi, dada.
>
> Nashukuru kwa picha za mahafali ulizotutumia. Watoto walipendeza!
>
> Naandika kuhusu ankara ya fulana 350 mlizopokea tarehe 18 Machi. Kiasi ni sh. 3,850,000, na mwisho wa kulipa ulikuwa tarehe 17 Aprili. Hadi asubuhi hii fedha hazijaingia kwenye akaunti yetu.
>
> Naomba unijulishe kufikia tarehe 16 Mei malipo yatafanyika lini. Kama kuna karatasi inayokosekana kutoka kwetu, niambie niitume leo hii. Nimeambatisha ankara na hati ya kupokelea mzigo.

Alama ya mshangao imebaki moja, na imewekwa kwenye sifa ya watoto wao, katika aya isiyogusa fedha. Aya ya deni haina hata moja, wala haina ukali. Upole wake umebebwa na maneno: "naomba unijulishe", na ile sentensi ya karatasi inayokosekana, ambayo inampa mhasibu njia ya heshima ya kujibu hata kama kosa ni lao. Kiswahili kina akiba kubwa ya upole wa namna hii. Tuna "naomba", tuna "tafadhali", tuna "samahani kwa usumbufu", na tuna kitenzi kinachogeuza amri kuwa ombi kwa herufi moja mwanzoni: "unitumie" badala ya "nitumie" iliyokatwa kavu, "ungenisaidia" unapotaka kulegeza zaidi. Mtu mwenye zana hizi hana sababu ya kumpakia msomaji tabasamu la njano ili aonekane ana adabu.

Mshangao: mpe msomaji, usimdai nao

Shuleni tulifundishwa kwamba alama hii hukaa mwisho wa amri au wa hisia kali. Simama! Moto! Lo! Msomaji wa Kiswahili huipokea kwa sikio hilohilo. Ndiyo maana "Naomba uitume leo" ni ombi, lakini "Naomba uitume leo!" ni mtu aliyesimama juu ya meza yako. Neno "naomba" bado lipo, ila alama imeshalifuta.

Wengi tumeichukua tabia ya kumwaga mishangao kutoka kwenye barua za Kiingereza za wafadhili, makao makuu ya ng'ambo na wenzetu wa mashirika ya kimataifa. Huko ina kazi nyingine kidogo. Carol Waseleski, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2006 kuhusu ujumbe wa watu wa taaluma ya maktaba, aliona kwamba mara nyingi alama hii ilitumika kuonyesha urafiki, si msisimko. Kwa hiyo mwenzako wa London anapokuandikia "Thanks!" hapigi kelele, anakwepa kuonekana amenuna. Mjibu kwa namna hiyohiyo ukipenda. Ila unapomwandikia afisa wa halmashauri kwa Kiswahili, usiihamishe desturi hiyo nzima nzima.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kuangalia sentensi inamfanyia nini msomaji. Kama inampa kitu, yaani shukrani, pongezi, karibu, habari njema, alama moja inakaa vizuri: "Hongera kwa kupandishwa cheo!" "Karibu sana kwenye timu!" Kama inamwomba, inamkatalia, inamsahihisha au inamwomba radhi, alama haina kazi hapo. "Ombi lako la likizo halikukubaliwa!" inasomeka kama mtu anayefurahia. "Samahani sana kwa kuchelewa!" inasomeka kama mtu anayepita mbio koridoni, weka nukta, msamaha utapata uzito. Baada ya tarakimu au tarehe ni mbaya zaidi. "Mwisho ni Jumatatu!" ina harufu ya tishio hata kama hukukusudia. Na "Mlipokea ankara?!" ni mahojiano ya polisi.

Kuhusu idadi, moja kwa barua inatosha, mbili ni za siku ya furaha kweli. Sababu si unadhifu tu. Turudi kwa yule mhasibu: tuseme tarehe 16 Mei imepita kimya. Barua ya pili itakuwa na taarifa zilezile, nakala kwa mkuu wa shule, na haitakuwa na aya ya watoto waliopendeza. Hakuna neno kali lililoongezwa, lakini dada yule, aliyezoea kupata neno moja la furaha kutoka kwako, ataona kwamba leo halipo. Utakuwa umepandisha sauti kwa kupunguza. Anayeandika mishangao mitano kila siku hana cha kupunguza. Akitaka kuonekana yuko makini itabidi atumie herufi kubwa na vitisho.

Bosi aongezewe tahadhari ya pekee. Alama ikitoka juu huongezeka uzito inaposhuka. "Nimeiona ripoti. Njoo ofisini!" itamnyima mtu chakula cha mchana. Wengine hudhani dawa ni kuongeza 😊 mbele yake, na mpokeaji anabaki kujiuliza tabasamu hilo lina maana gani. Dawa ni taarifa: "Nimeiona ripoti, iko vizuri. Njoo ofisini saa nane tupange siku ya kuiwasilisha." Hapo hata alama haihitajiki.

Emoji: kwanza hakikisha itafika

Kabla ya suala la adabu kuna suala la kiufundi ambalo watu wengi hawalijui. Picha unayoiona kwenye simu yako haitumwi. Kinachotumwa ni namba ya alama, na kifaa cha mpokeaji ndicho kinachochora picha kwa michoro yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwaonyesha watu michoro ya emoji zilezile kutoka kampuni mbalimbali, na sura moja ya kucheka iliyosomeka kama furaha kwenye simu za aina moja ilisomeka kama mtu anayeuma meno kwenye simu za Apple za wakati ule. Kampuni zimesogeleana tangu hapo, lakini kompyuta ya zamani kwenye masjala haijasogea: inaweza kuonyesha kisanduku kitupu. Printa ya rangi nyeusi nayo itatoa doa la kijivu, na doa hilo ndilo litakaloingia kwenye jalada.

Huenda umewahi kupokea barua pepe yenye herufi J ikielea peke yake mwisho wa sentensi: "Tutaonana kesho J". Si kifupi cha Jumatatu wala cha jina la mtu. Outlook ilikuwa ikibadilisha `:)` kuwa herufi J ya fonti inayoitwa Wingdings, ambamo J ina sura ya tabasamu. Mpokeaji ambaye programu yake haiitambui fonti hiyo anaona J tupu. Ukiona yako inafanya hivyo, bonyeza Ctrl+Z mara tu baada ya badiliko, au ufute kanuni hiyo kwenye orodha ya AutoCorrect.

Kama kuna msomaji asiyeona kwenye orodha yako, kumbuka kwamba kisoma skrini hutamka jina la kila emoji. 😂😂😂 kwake ni maelezo yaleyale ya sura inayotoa machozi ya furaha, yakirudiwa mara tatu katikati ya sentensi yako. Weka moja, mwishoni, au usiweke.

Baada ya hapo ndipo adabu inakuja, na swali kubwa ni kama mmeshajuana. Mwaka 2017 Ella Glikson na wenzake walichapisha majaribio yaliyohusisha washiriki 549 kutoka nchi 29. Mtu aliyetabasamu kwenye picha yake halisi alionekana mwenye ukarimu na uwezo zaidi. Aliyeweka tabasamu la kuchora kwenye ujumbe wa kwanza wa kikazi hakuonekana mkarimu zaidi hata kidogo, na alionekana mwenye uwezo mdogo zaidi. Waliomjibu walimpa pia maelezo machache zaidi. Kwa hiyo kwenye barua ya kuomba kazi, ya kujitambulisha, ya kwanza kwa mteja, acha kabisa. Subiri mpaka mwenzako aitumie kwanza.

Mambo ya fedha ambayo hayajakamilika, mkataba na nidhamu nayo yakae bila emoji hata kwa mnaojuana, kwa sababu ya kesi. Mwaka 2023 mahakama ya Saskatchewan, Kanada, iliamua kwamba mkulima aliyejibu kwa 👍 baada ya kutumiwa picha ya mkataba kwenye simu alikuwa ameukubali. Yeye alidai alimaanisha tu kwamba ameupokea. Hakupeleka mbegu za kitani alizotakiwa kupeleka, na aliamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Huo ulikuwa ujumbe wa simu, si barua pepe, na Kanada si hapa. Lakini Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 na Kenya ina kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na zote zinaruhusu maandishi ya kielektroniki kupokelewa mahakamani. Ukitumiwa bei, usijibu kwa dole gumba. Andika "Nimeipokea, nitakujibu baada ya kuipitia" au "Tunakubali bei hii". Vilevile kile kitufe cha kuitikia barua kwa emoji kwenye Gmail: mpokeaji anayetumia programu nyingine anaweza kuletewa barua nzima mpya yenye kidole tu ndani yake.

Sasa mahali inapofaa. Shule imelipa. Unaandika: "Sh. 3,850,000 zimeingia leo mchana, stakabadhi nimeambatisha. Asante sana, dada! 🙏" Mnajuana, taarifa zote zimekamilika kabla ya alama, hakuna kinachobishaniwa, na ikichapwa doa halitapoteza kitu. Ndani ya ofisi, kati ya watu wa meza moja, kuna nafasi pana zaidi. Lakini kwenye msiba hapana. "Pole sana 😢" kwa mtu aliyefiwa ni kumtupia salamu kutoka dirishani mwa daladala. Andika sentensi mbili kwa maneno.

Utani: nani ana kibali?

Watu wetu wanautania hata msiba. Mchaga na Mpare wanaweza kutupiana maneno ambayo mgeni angedhani ni ugomvi, na hakuna anayeondoka amechukia, kwa sababu kila aliyepo anajua hao ni watani na kibali chao kinajulikana. Barua pepe haibebi kibali hicho. Wewe na mhasibu wa Morogoro mnaweza kuwa watani kweli, lakini mkuu wa shule aliyepewa nakala si mtani wako.

Kibaya zaidi ni kejeli, kwa sababu kejeli na sifa hutumia maneno yaleyale. "Hongera kwa kuwahi" anapoambiwa aliyechelewa ni utani au tusi kutegemea mdomo ulivyopindwa, na mdomo hauonekani. Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walilipima jambo hili katika utafiti uliotoka mwaka 2005. Walioandika barua pepe za kejeli na za kweli walitarajia wasomaji wangezitofautisha mara 78 katika 100. Wasomaji walifaulu mara 56 tu, na kurusha shilingi hewani kungewapa 50. Waliosikia maneno hayo kwa sauti walifikia 73. Kilichonishangaza ni kwamba wasomaji nao walikuwa na hakika kwamba wameelewa vizuri. Hakuna upande ulioona kosa.

Tatizo hili ndilo lililozaa tabasamu la kompyuta lenyewe. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mtu aliandika kwa mzaha tangazo la zebaki kumwagika ndani ya lifti, na wengine wakadhani ni onyo la kweli. Tarehe 19 Septemba Scott Fahlman akapendekeza kila mzaha uwekewe `:-)` ili watu wajue. Kwa hiyo kama unaona utani wako hauwezi kueleweka bila 😂 mbele yake, tayari unajua la kufanya nao.

Utani unaokaa salama una sura moja karibu kila mara: unamhusu mwandishi mwenyewe au hali inayowakuta wote, ni sentensi moja, na unakuja baada ya jambo lenyewe kumalizika. "Kikao kimehamia saa kumi, chumba ni kilekile. Umeme ukikatika tutaendelea gizani, tumeshazoea." Ukiifuta sentensi ya pili, barua inabaki nzima. Hicho ndicho kipimo: ukifuta utani na taarifa ikaondoka nao, basi ulikuwa umeficha taarifa ndani ya utani, na wapo watakaoicheka bila kuifanyia kazi. Kipimo cha pili ni kuisoma barua kwa sauti ya mtu aliyekasirika. Kama inakubali kusomwa hivyo, kuna mtu ataisoma hivyo. Kabila, dini, umbo, ndoa na mshahara wa mtu viache moja kwa moja. Huko hakuna haja ya vipimo.

Na ukishatuma ukagundua umemchoma mtu, usiandike barua ya pili kueleza utani. Maelezo hayo yatasambazwa pamoja na utani wenyewe. Piga simu siku hiyohiyo, sema ulichoandika hakikuwa sawa, usianze na "nilikuwa natania". Kama kulikuwa na watu kwenye nakala, baada ya simu waandikie wote mstari mmoja usio na alama yoyote ya ziada: "Sentensi yangu ya jana kuhusu kuchelewa haikuwa sahihi na naiondoa, nimeshazungumza na mhusika." Kisha endelea na ajenda ya barua hiyo, kwa tarehe na tarakimu zake.